Paa Lililong'oka Mara Mbili



Katika ziara zangu nimeulizwa swali moja na vikundi vingi vilivyojenga nyumba ya mikutano, stoo ya mahindi au darasa la chekechea: je, tununue misumari ya mabati au skrubu? Watu wameona mabati yakiruka wakati wa ile dhoruba inayotangulia mvua, na wanataka jibu la haraka. Jibu langu ni kwamba skrubu ni nzuri kuliko msumari, lakini skrubu peke yake inaweza kukupa hasara kubwa zaidi. Nitaeleza kwa kufuata yaliyopata ukumbi wa kikundi kimoja cha akina mama ninachokifahamu vizuri. Paa lao liling'oka mara mbili, na kila mara kwa sababu tofauti.

Ukumbi wenyewe ni wa mawe ya kuchonga, upana mita 6 na urefu mita 9. Paa linatokeza nusu mita kila upande, kwa hivyo lote lina upana wa mita 7 na urefu wa mita 10. Juu ya kuta zimelazwa mbao mbili ndefu, moja kila upande. Juu ya mbao hizo zimesimama kenchi saba, kila moja mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Juu ya kenchi zimepita papi, yaani zile mbao nyembamba za kupigilia mabati, halafu mabati ya geji 30. Nyumba kama hii mnaijua, ziko kila kijiji.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa Aprili, saa tisa alasiri, watoto wa chekechea wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani. Upepo ulivuma kwa dakika chache tu. Mabati manane ya pembeni, kwenye kona inayotazama bonde, yalikunjuka kama kurasa za kitabu na kuanguka shambani. Tulipoyaokota tuliona matundu ya misumari yamepanuka na kuchanika, na misumari mingine imebaki kwenye papi bila bati.

Kikundi kilichanga, kikaleta fundi, naye akasema dawa ni skrubu. Akafunga skrubu nyingi kweli, paa zima. Akina mama wakafurahi. Mwaka uliofuata, usiku, dhoruba nyingine ilikuja na kulinyanyua paa zima kwa mkupuo mmoja, mabati, papi, kenchi na zile mbao za ukutani, na kulitupa kwenye mahindi ya jirani kama hatua arobaini hivi. Hakuna skrubu hata moja iliyong'oka. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Kusema kweli hata mimi nilikosa la kusema mpaka tulipomwita mwalimu wa ujenzi kutoka chuo cha ufundi cha parokia, mzee aliyejenga kwa miaka mingi. Alizunguka kuta kimya, akaokota jiwe la mstari wa juu lililokuwa bado limefungwa waya, akaniambia, "Dada, paa hili mlilikaza vizuri sana juu. Chini mliliacha bure."

Ili kumwelewa mzee huyu, tuanze na upepo wenyewe.

Wengi wetu hufikiri upepo hulisukuma paa, na kwamba paa likiwa zito litatulia. Hebu tazama lori lililofunikwa turubai likienda kasi barabarani. Turubai halibonyei kwa ndani. Linavimba kwenda juu, linapigapiga, na kamba zinakaza. Hewa inayopita haraka juu ya turubai inapunguza msukumo wake hapo juu, na hewa tulivu iliyo chini ndiyo inayoliinua. Paa la nyumba hufanyiwa hivyo hivyo. Upepo ukigonga ukuta unaruka juu na kupita kasi ukingoni, na pale unapoachana na bati unalifyonza. Ufyonzaji huu ni mkali zaidi kwenye kingo, kiasi cha mita moja kutoka pembeni, na mkali kabisa kwenye kona. Ndiyo maana mabati manane ya kwanza yalitoka konani wala si katikati.

Halafu kuna mlango. Mlango au dirisha la upande wa upepo likifunguka, hewa inaingia ndani, inakosa pa kutokea, na inasukuma paa kutoka chini wakati ule ule upepo unalivuta kutoka juu. Kwa hivyo yule anayefungua mlango "ili upepo upite" anakosea kama mlango huo unaelekea upepo. Funga, tia komeo.

Mzee alitupigia hesabu kwa chaki kwenye ukuta uliobaki. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, ambao dhoruba kali inaweza kuufikisha kwa muda mfupi, huvuta paa kama hili kwa nguvu ya kilo 40 hivi kwa kila mita moja mraba. Mlango ukiwa wazi upande wa upepo, nguvu hufika kama kilo 65. Kwenye kingo inaweza kupita kilo 120. Sasa paa lenyewe, mabati na mbao zote, lina uzito wa kilo 12 hivi kwa kila mita mraba. Kwa hivyo zinabaki kama kilo 53 zinazovuta kwenda juu ambazo uzito wa paa hauwezi kuzizuia. Paa la mita mraba 70 likivutwa hivyo, ni karibu tani tatu na robo tatu. Hata mawe mnayoyapanga juu ya mabati ni kazi bure. Mtaweka mangapi? Tena yakianguka yatamuua mtu.

Basi tani hizo lazima zipokewe na kitu kizito, na kitu kizito kilichopo ni ukuta. Nguvu inatoka kwenye bati, inaingia kwenye skrubu, kisha papi, kisha kenchi, kisha mbao ya ukutani, kisha ukuta. Kila mahali kitu kimoja kinaposhikana na kingine ni kiungo, na kiungo kilicho dhaifu ndicho kinachoachia. Jambo ambalo sisi hatukulijua ni kwamba viungo hivi havibebi mzigo sawa. Juu viko vingi, kila kimoja na kilo chache. Kadiri unavyoshuka vinapungua idadi, na mzigo wa kila kimoja unaongezeka.

Tuanze juu. Skrubu moja ya katikati ya paa, ikiwa papi ziko sentimita 90 kutoka moja hadi nyingine na skrubu ziko sentimita 23, inabeba kama kilo 14 tu. Shuka kwenye kiungo cha papi na kenchi: kila mahali zinapokutana panabeba eneo la sentimita 90 kwa mita moja na nusu, kwa hivyo ni kama kilo 85. Shuka tena kwenye mguu wa kenchi, pale inapokalia ukuta. Kenchi ya ndani inabeba mita moja na nusu ya paa, nusu ya upana kila mguu, ambayo ni mita mraba tano na robo. Hapo ni kama kilo 280. Hiyo ni magunia matatu ya mahindi, kila moja kilo 90 na zaidi, yanayovutwa kwenda juu kwenye kila mguu mmoja wa kenchi.

Katika ukumbi wetu kila mguu ulikuwa umeshikwa na nini? Mbao ya ukutani ilikuwa imefungwa kwa waya mwembamba uliopita chini ya mstari mmoja wa mawe. Uzito wa mawe yale machache ndio uliokuwa ukilishikilia paa. Mara ya kwanza bati liliachia mapema, upepo ukapata pa kutokea, na kenchi zikapona. Tulipolikaza bati, nguvu yote ilishuka hadi kwenye waya. Kwa maana nyingine, skrubu zetu ndizo zilizolifanya paa lote liende pamoja.

Sasa nieleze tulivyojenga mara ya tatu, kuanzia chini, kwa vile hapo ndipo kazi inapotakiwa kuanzia.

Kwa kufunga kenchi ukutani tulitumia ule ukanda wa chuma unaouzwa kwa roli, mafundi wanauita hupaini, upana sentimita mbili na nusu, uliopakwa zinki usishike kutu. Kwa kuwa kuta zilikuwa zimesimama tayari, mzee alitoboa tundu ukutani chini ya kila mguu wa kenchi, sentimita 75 kutoka juu ya ukuta. Hupaini ilipitishwa kwenye tundu, ikapandishwa upande wa ndani na upande wa nje, ikavutwa ikakaza, ikapita juu ya mbao ya kenchi na kupigiliwa ubavuni, misumari minne kila upande. Matundu yakazibwa kwa saruji. Kila mahali palitumia kama mita 2 na sentimita 20, na kwa miguu 14 ni mita 31 hivi.

Kwa nini sentimita 75? Hupaini inanyanyua ule ukuta ulio juu ya tundu. Ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 20 una uzito wa kama kilo 400 kwa mita mraba. Kipande cha mita moja na nusu kwa sentimita 75 ni kilo 450, na tunahitaji 280. Tungetoboa sentimita 20 tu kutoka juu tungepata kilo 120, na hapo hupaini ingekuwa pambo. Kama ukuta wenu ni wa matofali ya udongo, unene sentimita 15, uzito wake ni kama kilo 240 kwa mita mraba, kwa hivyo shukeni mita nzima. Wanaojenga upya wana kazi rahisi: wailaze hupaini ndani ya ukuta wakati wa kujenga, na kama kuna mkanda wa zege juu ya kuta, ipite chini ya vyuma vya mkanda huo. Nyumba ya miti na udongo hufungwa kwenye nguzo zenyewe, na nguzo iwe imeingia ardhini sentimita 60, na kipande cha mti kimepigiliwa kwa kukingama chini kabisa ili isichomoke.

Angalieni pia jinsi msumari unavyovutwa. Msumari uliopigwa kutoka juu kwenda chini, kupitia kenchi hadi mbao ya ukutani, ukivutwa kwenda juu unatoka jinsi ulivyoingia. Unashikwa na msuguano wa mbao tu, na kama mbao ilikuwa mbichi, ikikauka inauachia. Lakini msumari uliopita kwenye hupaini ubavuni mwa mbao unavutwa kwa kukingama. Hauwezi kuchomoka, ni lazima ukatike au uipasue mbao. Misumari ni ile ile ya dukani, imegeuzwa tu namna ya kuvutwa. Mzee alisema kama kuna jambo moja mafundi vijana wanapaswa kulishika, ni hilo.

Papi na kenchi ni kiungo kinachosahauliwa kabisa. Desturi ni msumari mmoja wa inchi nne kutoka juu, basi. Hapo tulipiga misumari miwili kwa kuishazisha, mmoja kutoka kila upande, halafu kipande kifupi cha hupaini kikapita juu ya papi na kupigiliwa kwenye mbavu mbili za kenchi. Palipokosa hupaini tulizungusha waya wa kufungia mara nne na kuusokota kwa koleo. Waya unafaa lakini unashika kutu mapema kuliko hupaini, kwa hivyo ukaguliwe.

Ndipo tukafika kwenye mabati. Mgongo mmoja wa bati la mawimbi hadi mgongo unaofuata ni sentimita saba na nusu hivi. Mpangilio tulioufuata ni huu: kwenye papi ya chini kabisa, papi ya juu kabisa, na pembeni mwa paa pande zote mbili, skrubu kila mgongo wa pili, yaani sentimita 15. Bati linapopandana na bati kwa urefu, vivyo hivyo. Papi za katikati, kila mgongo wa tatu, yaani sentimita 23. Papi ya chini na inayofuata tuliziweka sentimita 60 badala ya 90, kwa kuwa pale upepo unalivuta zaidi. Paa zima lilimaliza skrubu 550 au zaidi kidogo. Fundi wa kwanza kabisa, yule wa misumari, alikuwa amepiga miwili tu kwa kila bati kwenye kila papi, pale yanapopandana, na yote haikufika mia mbili. Kila msumari ulikuwa na kilo 35 na zaidi za kuzuia, mahali pa kilo 14.

Skrubu ipite kwenye mgongo wa bati, si bondeni, maana bondeni ndimo maji yanamopita. Iwe ya inchi mbili na nusu ili baada ya kuuvuka mgongo iingie kwenye papi sentimita nne. Kwa hiyo papi iwe na kina cha inchi mbili, si zile mbao za inchi moja ambazo skrubu inatokeza chini. Iwe na kofia pana na mpira wake. Kaza mpaka mpira uanze kutokeza kidogo pembeni mwa kofia, halafu acha. Ukiona mgongo wa bati umebonyea, umepita kiasi. Pale palipobonyea ndipo bati litakapochanika.

Na bati huchanika kwa kuchoka, sawa na kipande cha waya unachokikunja mara nyingi. Tarehe 25 Desemba 1974 kimbunga kilichoitwa Tracy kilipiga mji wa Darwin huko Australia, na wataalamu waliochunguza baadaye walikuta mabati mengi membamba yamepasuka kuzunguka skrubu na misumari kwa sababu ya kupigwapigwa na upepo kwa saa kadhaa. Skrubu ilibaki, bati likaondoka, kama ilivyotokea kwetu mara ya kwanza. Kwa hivyo yule anayenunua geji 32 ili abaki na pesa ya skrubu nyingi ajue bati lenyewe limekuwa kiungo dhaifu. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Wengi hudhani ni kinyume.

Wasiokuwa na umeme watoboe kwa keekee ya mkono na kukaza kwa bisibisi. Inachosha, kikundi kigawane zamu. Na anayelazimika kutumia misumari anunue ile iliyosokotwa mwilini, yenye kofia pana, na afuate mpangilio ule ule.

Kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, watu wawili wa kikundi wapande ngazi wakague, mmoja akishika ngazi. Msumari uliosimama nusu sentimita juu ya bati unaonyesha kwamba mbao imeuachia. Msirudishe kwa nyundo kwenye tundu lile lile, maana halishiki tena. Toeni, muweke skrubu nene zaidi hapo hapo. Tundu lililokuwa duara na sasa limekuwa refu linaonyesha bati linacheza. Ndani ya nyumba, tazameni mstari wa chini ya mbao ya ukutani: kama kuna ufa kwenye saruji urefu wote, au mnaona mwanga, paa limekwisha kuinuka mara moja na kurudi. Hilo msilingoje. Chokoeni pia ile mbao kwa kisu, kwa vile mchwa hula ndani na kuacha ganda, na hupaini iliyopigiliwa kwenye ganda haishiki kitu. Na mkisikia usiku bati linagonga, kesho yake mtafute lilipo.

Baraza la mbele mliloongeza baadaye lisiwe mwendelezo wa paa kubwa. Baraza liko wazi chini, upepo unaingia na kulinyanyua kabla ya sehemu nyingine. Liwe na papi zake na nguzo zake zilizofungwa hadi ardhini, ili likienda liende peke yake. Paa la kawaida nalo lisitokeze zaidi ya nusu mita. Wale wanaolilaza paa ili kuokoa mabati wajue kwamba paa la mlalo hufyonzwa zaidi kuliko lenye mwinuko wa nyuzi 30.

Hesabu niliyowapa ni ya nyumba ya upana wa mita 6. Kanisa, au ukumbi wa mita 10, si kazi ya kukisia kwa kutazama ukumbi huu. Mguu wa kenchi hapo unabeba mzigo mwingine kabisa, na kuta ndefu zisizo na kuta za kukata katikati zinaweza kuanguka zenyewe. Mwoneni mhandisi wa ujenzi wa kaunti au wa jimbo kabla ya kununua mbao.

Akina mama wa ukumbi wetu walipopiga hesabu ya mwisho walikuta hupaini yote na misumari yake iligharimu chini ya bei ya mabati matatu. Mwenyekiti wao aliniuliza kwa nini hakuna aliyewaambia mapema, nikakosa jibu. Paa limepitia misimu kadhaa ya dhoruba sasa. Mwaka jana skrubu sita za kona ya bonde zilionekana zimelegea, zikabadilishwa asubuhi moja.